Stemu tatu zilizokataliwa: makala ya wakulima wa mwani na toleo lake la Kifaransa

Filamu yenyewe ni makala ya dakika 26 kuhusu wanawake wanaolima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989. Imetengenezwa kwa Kiswahili. Ina msimuliaji mmoja, wanawake watano wanaohojiwa wakiwa kazini majini, muziki wa udi na ngoma uliotungwa kwa ajili yake, na bahari inayosikika tangu mwanzo hadi mwisho. Ilioneshwa, ikapendwa, kisha watu wanaofanya kazi na wakulima wa mwani wa kusini-magharibi mwa Madagaska wakaomba toleo la Kifaransa, na baadaye la Kimalagasi.

Mwongozaji hakuwa na wasiwasi. Studio iliyomchanganyia sauti ilikuwa imemkabidhi, pamoja na filamu iliyokamilika, faili tatu za stemu, yaani sauti za filamu zilizotenganishwa kwa aina: `mazungumzo.wav`, `efekti.wav` na `muziki.mp3`. Akazituma Antananarivo zilivyo. Fundi wa kule akazikataa kwa ujumbe mfupi. Muziki unazama wenyewe hata pasipo na mtu anayesema. Bahari inatoweka mazungumzo yakizimwa. Na msimuliaji hawezi kutolewa bila kuwatoa wanawake wote pamoja naye.

Ndipo mwongozaji aliponipigia. "Kaka, stemu si ndizo hizi? Walitaka tatu, nimewapa tatu. Sasa wanataka nini tena?"

Swali lake lilikuwa la haki. Faili zote zilifunguka na hakuna iliyoharibika. Jambo jema ni kwamba alikuwa amehifadhi projekti nzima ya Reaper, programu ya kuhariri sauti, kwenye diski yake, pamoja na rekodi zote mbichi za ufukweni. Bila projekti hiyo nisingekuwa na la kufanya zaidi ya kuokoteza.

Anayetengeneza toleo la lugha nyingine anaanza kwa kuzima mazungumzo. Kinachobaki, yaani muziki na efekti, ndicho anachojenga juu yake. Kwa hiyo stemu hupimwa hivi: zima mazungumzo, tazama filamu kuanzia mwanzo, na mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili asikie kila kitu anachokiona isipokuwa maneno. Mguu ukikanyaga maji, maji yasikike. Kamba ikivutwa, isikike. Huku kwetu tumezoea njia nyingine. DJ wa filamu katika vibanda vya video, au VJ kama wanavyoitwa Uganda, huongea juu ya miksi nzima kwa sababu hana kingine alichopewa, na kila anapofungua mdomo sauti yote ya asili hushushwa pamoja, muziki, milio na waigizaji. Ile ni sanaa kamili yenye watu wake. Lakini makala inayotegemea sauti ya maji ili mtazamaji aamini yuko Paje haiwezi kushushwa namna ile kila msimuliaji anapoanza sentensi.

Nilizipanga zile faili tatu, nikazima mazungumzo, nikakaa kusikiliza. Ndani ya dakika kumi malalamiko yote matatu ya yule fundi yalikuwa yamejionesha, na la nne ambalo hakulitaja: katika sehemu moja ambapo msimuliaji anasoma barua, maneno ya Kiswahili yalisikika kwa mbali ndani ya stemu ya muziki. Hilo la nne lilikuwa jepesi kuliko yote. Studio ya kwanza ilikuwa imeweka plagini ya mwangwi kwenye traki moja ya pamoja, na traki hiyo ikawekwa ndani ya folda ya muziki. Sauti ya msimuliaji ilipopelekwa huko kupata mwangwi, mwangwi wake ulirudi kama sehemu ya muziki. Nikaipa kila folda mwangwi wake, jambo likaisha. Mengine matatu yalihitaji kazi, na nitayaeleza moja moja kwa sababu ndiyo huharibu stemu nyingi za makala ninazozipokea.

Nianze na msimuliaji na wanawake. Katika tamthilia, waigizaji wote huondolewa na sauti mpya huingia mahali pao midomo ikifuatwa, kwa hiyo stemu moja ya mazungumzo inatosha. Makala haifanywi hivyo. Msimuliaji anaondolewa kabisa na mwingine anachukua nafasi yake, lakini anayehojiwa huachwa: anasikika kwa lugha yake kwa sekunde moja au mbili, kisha anashushwa, sauti ya tafsiri inapita juu yake, na mwishoni anapandishwa tena kidogo ili mtazamaji asikie neno lake la mwisho. Hizo ni kazi mbili tofauti kwa sauti mbili tofauti. Mtu akizichanganya katika faili moja, fundi wa toleo jipya hana mkasi wa kuzitenganisha, hasa pale msimuliaji anapoanza kusema mwanamke akiwa hajamaliza kucheka. Katika projekti walikuwa kwenye traki tofauti tangu mwanzo. Ni kwamba wote walilala ndani ya folda moja iliyoitwa MAZUNGUMZO. Nikaigawa folda hiyo mara mbili. Kila kompresa, yaani plagini inayoshusha sauti inapozidi, na kila ikwalaiza iliyokuwa juu ya folda nikainakili kwenye folda zote mbili, kisha nikasikiliza kama sauti imebadilika, maana kompresa iliyokuwa ikisikiliza watu wawili kwa pamoja haifanyi kazi sawasawa inapomsikiliza mmoja. Ilibadilika kidogo pale wanapopishana, nikarekebisha kwa mkono.

Muziki ndio ulionishughulisha zaidi, kwa sababu kosa lake halisikiki kabisa ukiwa na miksi ya Kiswahili. Katika miksi nzima ulikuwa mzuri. Studio ilikuwa imeweka kompresa kwenye folda ya muziki na kuiunganisha na sauti ya msimuliaji: akisema, muziki unashuka desibeli 9, akinyamaza, unapanda. Ni njia ya haraka na wengi tunaitumia. Tatizo ni kwamba stemu ya muziki ikitolewa namna hiyo, mashimo yote yaliyochimbwa na sauti ya Kiswahili yanabaki ndani ya faili, ingawa sauti yenyewe haimo.

Chukua sehemu moja. Kwenye dakika ya tatu msimuliaji anasema kuanzia 03:12 hadi 03:21, anavuta pumzi, anarudi 03:24 na kumaliza 03:31. Muziki unashuka, unapanda kwa zile sekunde tatu za katikati, unashuka tena. Tafsiri ya Kifaransa ya maneno hayohayo inaanza 03:13 na kwenda bila kituo hadi 03:27. Matokeo yake, udi unapanda juu kabisa katikati ya sentensi ya Kifaransa na kuifunika, kisha sentensi ikiisha muziki unabaki chini kwa sekunde nne nzima bila mtu yeyote kusema. Mtazamaji hatajua kilichotokea, ila ataona kuna kitu hakijakaa sawa, na fundi atakuwa amepoteza siku akijaribu kuyajaza mashimo yale kwa kupandisha sauti kipande kwa kipande. Kuyajaza hayo ni kazi ngumu kwa sababu kompresa haishuki kwa mstari ulionyooka. Inafuata kila silabi.

Dawa ni kuitoa stemu ya muziki mara mbili. Ya kwanza ina mashimo, kama ilivyo katika miksi ya Kiswahili. Ya pili imetolewa kompresa ile ikiwa imezimwa, muziki ukiwa umesimama kwa kiwango chake cha kawaida tangu mwanzo hadi mwisho, huku upandishaji na ushushaji uliofanywa kwa makusudi ya filamu ukibaki, kwa mfano pale muziki unapofifia jua likizama. Hiyo ya pili ndiyo atakayoitumia fundi wa Antananarivo. Pamoja nayo nikamwandikia mstari mmoja unaomtosha: desibeli 9, inashuka kwa takriban nusu sekunde, inapanda kwa sekunde moja na nusu. Kwa hayo ataweka kompresa yake na kuiunganisha na msimuliaji wake.

Kuna mtu atauliza kwa nini basi nisimpe hiyo ya pili peke yake. Sababu ni kwamba stemu yenye mashimo ndiyo pekee inayoweza kujumlishwa na nyingine ikatoa miksi ya Kiswahili ileile iliyoidhinishwa. Siku mwongozaji atakapotaka kufupisha toleo la asili liwe la dakika 15, ataihitaji. Na mimi naihitaji kwa ajili ya kipimo nitakachokieleza chini.

Halafu bahari. Mahojiano yote yalirekodiwa wanawake wakiwa majini, kwa maiki mbili: moja ya kubana kifuani na nyingine ya fimbo. Maiki hizo hazikuchukua sauti ya mwanamke peke yake. Zilichukua na maji yanayogonga magoti yake, upepo wa kaskazi, na kila anachofanya mikononi. Yote hayo yaliingia kwenye stemu ya mazungumzo kwa sababu yako kwenye rekodi ileile. Stemu ya efekti ilikuwa na bahari pale tu ambapo hakuna anayehojiwa, yaani picha za mbali na za kupita. Kwa hiyo ukizima mazungumzo, mtazamaji anaona mwanamke amesimama majini katika ukimya kamili, kisha picha inabadilika na bahari inarudi ghafla.

Na hata usipozima, tatizo lipo. Fundi wa Kifaransa atamshusha mwanamke desibeli kama 15 ili tafsiri isikike. Akimshusha yeye, anaishusha na bahari yake. Mtazamaji atasikia maji yakirudi nyuma kila tafsiri inapoanza na kusogea mbele kila inapokoma.

Bahati ilikuwa kwa yule aliyerekodi sauti ufukweni. Kila mahali walipofanya mahojiano alikuwa amewanyamazisha watu wote na kurekodi sauti ya mahali peke yake, dakika mbili hivi kila sehemu, maji yakiwa katika kina kilekile na maiki ikiwa mahali palepale. Rekodi hizo zilikuwa kwenye diski, hazijaguswa. Studio ya kwanza haikuzihitaji kwa sababu miksi ya Kiswahili ilikuwa imejaa tayari. Nikazilaza chini ya mahojiano yote kuanzia mwanzo hadi mwisho wa onesho, kwenye folda ya efekti. Miksi ya Kiswahili nayo ilifaidika, kwani maungio ya mahojiano ambayo zamani yalisikika, maji yakiruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine, sasa yamefunikwa. Mwongozaji alisikiliza akakubali miksi ya asili itoke upya.

Sauti ya mahali hujaza bahari, lakini haijazi vitendo. Nitaonesha sehemu moja kwa karibu. Kwenye 07:40 mwanamke anapigilia kigingi mchangani kwa jiwe. Anapiga mara nne bila kusema. Kisha anasema, "Mwani unataka maji yanayotembea, yakisimama tu unaumwa," na ndani ya sentensi hiyo anapiga mara mbili zaidi, pigo moja likiangukia katikati ya neno "yanayotembea". Anamaliza, anacheka, anafunga kamba.

Yale mapigo manne ya kwanza hayana neno lolote juu yake. Niliyakata kutoka kwenye traki ya mahojiano na kuyahamishia kwenye traki nyingine ndani ya folda ya efekti, palepale yalipokuwa, bila kusogeza hata sampuli moja. Katika miksi ya Kiswahili hakuna kilichobadilika, ila sasa mapigo hayo ni mali ya efekti na yatasikika katika kila lugha. Ufungaji wa kamba wa mwishoni nao ukahamishwa vivyo hivyo.

Mapigo mawili ya ndani ya sentensi hayahamishiki, maana yameshikana na maneno. Hapo nilichukua nakala za mapigo mawili kati ya yale manne, nikazipanga juu ya picha hadi mkono na sauti vikutane, nikaziweka kwenye traki ya pekee niliyoiita "jaza". Traki hii haitumiki kabisa katika miksi ya Kiswahili. Ingetumika, kila pigo lingesikika mara mbili, moja kutoka kwa mwanamke na moja kutoka kwangu. Inatumika tu pale sauti ya mwanamke inaposhushwa au kuzimwa. Fundi akimshusha kwa desibeli 15, pigo la asili linabaki kwa chini na la jaza linalifunika. Kwa kuwa yameanza mahali pamoja, sikio linapokea pigo moja.

Kazi hiyo niliifanya kwa filamu nzima: hatua majini, kamba zinazovutwa, mwani unaodondoshwa kwenye kipolo, ndoo inayowekwa chini. Pale ambapo rekodi ya ufukweni haikuwa na nakala safi, tulirekodi wenyewe studio kwa beseni la maji, mchanga na kipande cha kamba iliyolowa. Ndiyo sehemu inayokula muda kuliko zote, na anayekadiria gharama za stemu akiiruka hii anajidanganya. Kuekspoti ni dakika chache. Kujaza kulichukua sehemu kubwa ya kazi nzima.

Wimbo ulihitaji uamuzi. Kuna mahali wanawake wanaimba wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, kwa Kiswahili cha hapohapo. Je, ni muziki, mazungumzo au efekti? Ukiuweka kwenye muziki, fundi hawezi kuushusha bila kuushusha udi unaoingia mwishoni mwake. Ukiuweka kwenye mazungumzo, utazimwa pamoja na mahojiano, na onesho litakufa. Mimi naamini wimbo ule usitafsiriwe kwa sauti katika lugha yoyote. Unabaki ulivyo, na maneno yake yaandikwe chini ya picha. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa anayetengeneza toleo, kwa hiyo nikautoa kama stemu yake yenyewe. Porojo za nyuma, watoto wakiitana ufukweni na adhana inayosikika kwa mbali katika mahojiano ya tatu, niliziacha kwenye efekti. Katika tamthilia ningeziondoa kama maneno yanasikika, kwa kuwa mhusika anayeongea Kifaransa hawezi kuzungukwa na watu wanaoongea Kiswahili. Makala ya Paje, kinyume chake, ni lazima isikike Paje.

Baada ya hapo folda zilikuwa tayari, na uekspoti wenyewe ukawa mwepesi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa kila plagini kwenye `MASTER`, traki kuu ambako sauti zote hujumlishwa. Studio ya kwanza ilikuwa na limita pale juu, ikibana miksi nzima. Limita husikiliza jumla: msimuliaji akipaza sauti, inamshusha yeye na muziki pamoja. Stemu ya muziki ikipitishwa humo peke yake, hakuna msimuliaji wa kuishtua, hivyo inatoka na sauti tofauti na ile iliyokuwemo katika miksi. Jumlisha stemu tatu zilizopita hivyo na hupati filamu uliyoidhinisha. Ubanaji wote niliuhamishia kwenye folda moja moja, na upandishaji wa mwisho wa sauti kwa ajili ya mtandao au televisheni ukaachwa kuwa hatua ya baadaye, nje ya stemu. Kila lugha itafanya wa kwake. Televisheni inayofuata kiwango cha Ulaya cha ukubwa wa sauti, LUFS −23, na mtandao unaotaka sauti ya juu zaidi hazihudumiwi kwa faili moja.

Kwenye dirisha la `Render` nilichagua `Stems (selected tracks)`, nikiwa nimeteua folda zenyewe na siyo traki zilizomo ndani. Muda niliufunga kwa `Time selection` moja kwa faili zote, na jina nikaliachia `$project_$track` lijijaze. WAV, biti 24, kilohezi 48. Faili zote zinaanza sampuli ileile na kuisha sampuli ileile, hata wimbo ambao una ukimya wa zaidi ya dakika 20. Anayekata ukimya ili faili iwe ndogo anamwachia mwenzake kazi ya kukisia inapoanzia. Ile `muziki.mp3` ya awali ilikuwa na kasoro hiyohiyo kwa njia ya siri: ukandamizaji wa MP3 huongeza kipande kidogo cha ukimya mwanzoni, hivyo muziki wote ulikuwa umechelewa kidogo, mbali na kwamba sauti yake ilishapunguzwa ubora.

Mwanzoni mwa kila faili niliweka mlio wa kulinganishia: hezi 1,000, urefu wa fremu moja, sekunde mbili kamili kabla ya fremu ya kwanza ya picha. Filamu ni ya fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo mlio una urefu wa milisekunde 40 na uko fremu 50 kabla ya picha. Picha ikianza taimukodi 10:00:00:00, mlio uko 09:59:58:00. Mwingine uko sekunde mbili baada ya fremu ya mwisho. Fundi akipanga faili saba na kusikia mlio mmoja safi mwanzoni na mmoja safi mwishoni, anajua zote zimekaa sawa na hakuna inayokimbia. Akisikia mlio wenye mkia au miwili iliyofuatana, anajua kuna faili iliyosogea kabla hajapoteza muda.

Kisha kipimo. Nilitoa pia miksi nzima ya Kiswahili kwa muda uleule. Nikafungua projekti mpya tupu, nikapanga stemu tano zinazounda miksi hiyo, nikaiweka miksi nzima juu yake na kubonyeza kitufe cha `Ø` kwenye traki yake, kinachogeuza wimbi juu chini. Kama stemu zikijumlishwa ni sawa na miksi, basi kila kitu kinafutana na hakisikiki chochote. Masikio hayatoshi hapa, kwa hiyo niliitoa jumla hiyo kama faili na kuipima:

```
ffmpeg -i masalia.wav -af volumedetect -f null -
```

Mara ya kwanza `max_volume` ilisoma `-31.4 dB`. Hiyo si kelele ndogo, ni kitu kizima kilichosahaulika. Nikaipandisha sauti na kusikiliza masalia: injini ya boti, dakika ya kumi na tisa. Traki ya boti ilikuwa nje ya folda zote, ikienda moja kwa moja kwenye `MASTER`, kwa hiyo ilikuwa ndani ya miksi lakini haimo katika stemu yoyote. Toleo la Kifaransa lingemwonesha mtazamaji boti isiyo na injini. Nikaiingiza kwenye folda ya efekti, nikatoa upya, nikapima tena: `-91.0 dB`, namba ambayo amri hiyo huonesha faili inapokuwa kimya. Hii ndiyo sababu napenda masalia kuliko kutazama orodha ya traki. Hukwambia kilichopotea na mahali kilipo. Angalizo moja tu: plagini za mwangwi zenye mtikisiko wa nasibu hazitoi sauti ileile mara mbili, na zitaacha masalia madogo hata kama kila kitu kipo. Hizo zichapishe kuwa sauti kamili kwanza, ndipo utoe stemu.

Tulichokabidhi ni hiki:

```
mwani_D-msimuliaji.wav
mwani_D-wahusika.wav
mwani_E.wav
mwani_E-jaza.wav
mwani_M.wav
mwani_M-bila-kushuka.wav
mwani_W-wimbo.wav
```

Miksi ya Kiswahili ni jumla ya msimuliaji, wahusika, E ya efekti, M ya muziki na W ya wimbo. Toleo la Kifaransa linaacha msimuliaji na M, linachukua E, jaza, muziki usioshuka na wimbo, na wahusika wanaingia wakishushwa. Maelezo hayo niliyaweka kwenye karatasi moja pamoja na hati ya maneno yote yenye taimukodi, na mwongozaji akatoa picha isiyo na maandishi yoyote, maana majina ya wanawake na maneno ya Kiswahili yaliyochomwa kwenye picha hayafutiki. Mkataba wa muziki nao aliuangalia upya. Mtunzi alikuwa ameruhusu matumizi bila mipaka ya nchi, la sivyo stemu ya muziki ingekuwa mahali pa kuweka muziki mwingine kwa ajili ya Madagaska.

Toleo la Kifaransa lilitoka bila kurudishwa tena. La Kimalagasi ndilo lililoipima kazi kweli. Wenyewe waliamua kuzizima kabisa sauti za wanawake wa Paje na kuweka wasomaji wa Kimalagasi mahali pao, kwa kuwa filamu ingeoneshwa vijijini kwa spika moja, na lugha mbili kwa pamoja zingewachanganya wasikilizaji. Hapo stemu ya wahusika haikutumika hata kidogo, na kila kitu kilichosikika chini ya maneno kilitoka kwenye E na jaza. Vigingi vilipigwa, maji yakatembea. Palipobaki na doa ni mahojiano ya nne, ambapo boti lilipita nyuma ya mwanamke akiwa anazungumza. Injini yake imo ndani ya sauti yake na haitenganishiki, na hapakuwa na rekodi nyingine ya boti lile. Nilijaza kwa ile injini ya dakika ya kumi na tisa, iliyo nzito kidogo kuliko ile inayoonekana kwenye picha, na kwenye karatasi ya maelezo nikaandika taimukodi yake ili fundi aishushe kama itamsumbua.